Maiki, Sauti na Kasi Katika Kumbi Zinazovuma: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Washereheshaji na Wahadhiri

Ukurasa huu ni wa mtu anayeshika maiki mbele ya watu 200, 300 au zaidi, kwenye ukumbi wenye kuta tupu, sakafu ya vigae na spika ambazo hakuzichagua yeye. Majibu yote yametoka kwenye jambo moja: katika ukumbi wa namna hiyo, tatizo mara nyingi si udogo wa sauti. Ni sauti iliyotangulia kuifunika inayofuata. Ukilishika hilo, mengine yatakuja yenyewe.

## Kwanza, ukumbi wenyewe

1. Kwa nini watu wa nyuma wanasema hawasikii, na ilhali spika zinapiga kwa nguvu?

Kwa sababu wanasikia, ila hawaelewi. Muulize mtu aliyekaa nyuma hasa nini kinamfikia, atakwambia "nasikia anaongea, lakini sijui anasema nini". Hayo ni malalamiko tofauti kabisa na "sauti ni ndogo", na dawa yake ni tofauti.

Kila neno linalotoka kwenye spika hufika kwa msikilizaji kwa njia mbili. Kuna sauti inayokwenda moja kwa moja hadi sikioni, na kuna ile inayogonga ukuta, dari na sakafu, ikarudi na kugonga tena mara nyingi kabla haijafa. Hii ya pili ndiyo mvumo. Aliye karibu na spika hupata zaidi ile ya moja kwa moja. Kadiri unavyosogea nyuma, ile ya moja kwa moja inapungua, lakini mvumo haupungui, maana umejaa ukumbi mzima karibu sawasawa. Kuna mahali zinakuwa sawa, na kupita hapo msikilizaji anakuwa anasikiliza kuta.

Sasa tazama kinachotokea fundi akiongeza sauti. Sauti ya moja kwa moja inapanda, na mvumo nao unapanda kwa kiasi kile kile. Uwiano haubadiliki hata kidogo. Watu wa nyuma wanapata vurugu ile ile ikiwa kubwa zaidi, na wa mbele wanaanza kuziba masikio. Kuongeza sauti kunasaidia pale tu ambapo kinachowashinda watu ni kelele za watu wengine, viti au feni, si mvumo.

2. Nilijaribu mitambo asubuhi ikawa mbaya sana, jioni watu walipojaa ikawa afadhali. Kuna kilichorekebishwa?

Huenda hakuna aliyegusa kitu. Watu wenyewe ndio dawa: nguo na miili hunyonya sauti, vigae na zege huirudisha.

Jambo hili lilipimwa kwa mara ya kwanza kwa makini kwa ajili ya wahadhiri hasa. Mwaka 1895 Chuo Kikuu cha Harvard kilikuwa na ukumbi mpya wa mihadhara ambao ndani yake hakuna aliyeeleweka, na mwalimu kijana wa fizikia, Wallace Sabine, akapewa kazi ya kutafuta sababu. Alikuta sauti inachukua zaidi ya sekunde 5 kufa. Alibeba mito ya viti kutoka ukumbi mwingine, akawa anaipanga usiku na kupima, na humo akapata kanuni inayotumika hadi leo: muda wa mvumo unategemea ukubwa wa ukumbi na jumla ya vitu vinavyonyonya sauti ndani yake.

Tuchukue mfano tutakaoutumia ukurasa mzima. Ukumbi una urefu wa mita 34, upana wa mita 20 na kimo cha mita 9. Ukiwa mtupu, sauti inachukua sekunde 2.5 kufa. Ukiingiza watu 300, kwa kanuni ya Sabine mvumo unashuka hadi kama sekunde 1.9. Ni nafuu ya kweli, ila bado ni mvumo mwingi kwa mazungumzo. Ukumbi mzuri wa mihadhara huwa na sekunde moja hivi au pungufu.

Kwa hiyo, ukijaribu maiki ukumbi ukiwa mtupu, usimwambie fundi apandishe kila kitu kwa hofu. Na ikiwa waliokuja ni 80 katika ukumbi wa watu 300, waombe wasogee mbele wakae pamoja. Hakuna kitufe kinachofanya kazi kubwa kama hiyo.

3. Nitajuaje ubovu wa ukumbi kabla sijaanza?

Simama utakapozungumzia, piga kofi moja kali, kisha nyamaza usikilize mkia wake. Ukiisha papo hapo, una ukumbi mwepesi. Ukidumu kama sekunde mbili, utahitaji kubadilisha namna ya kuongea. Ukizidi sekunde tatu, punguza hata idadi ya mambo uliyopanga kusema, kwa sababu hutayamaliza kwa kasi yako ya kawaida.

Kofi hupima zaidi sauti nyembamba. Pima na nzito: toa "hooo" ya kifuani kwa nguvu, ukate ghafla. Katika kumbi nyingi za zege mkia wa "hooo" hudumu kuliko wa kofi, na huo ndio utakaokutesa kama una sauti nzito (swali la 9).

Jaribio bora kuliko yote linahitaji mwenzako mmoja. Mpeleke safu ya mwisho na karatasi, umsomee kwenye maiki maneno kumi yasiyounda sentensi: tatu, tano, sita, saba, piga, pigwa, kuku, kutu, shika, sikia. Ayaandike alivyoyasikia. "Inasikika?" watu hujibu "ndiyo" kwa heshima, karatasi haina heshima. Maneno yanayokosewa ndiyo yatakuonyesha konsonanti zipi zinamezwa.

## Maiki mkononi

4. Maiki iwe umbali gani na mdomo?

Vidole viwili hadi vitatu, yaani kama sentimita 4 au 5, na ibaki hapo hapo muda wote. Hili ndilo jibu ninalolisisitiza kuliko mengine yote ya sehemu hii.

Ukiitoa maiki kutoka sentimita 5 hadi 20, nguvu ya sauti yako inayoifikia inapungua mara 16. Fundi akitaka kufidia, inabidi aifungue maiki zaidi, na maiki iliyofunguliwa haichagui. Inachukua mvumo wa ukumbi, inachukua spika, inachukua meza ya mbele wanaogonga sahani, na kuvirudisha vyote kwenye spika. Kwa hiyo mtu anayeshika maiki kifuani "ili nisionekane mlafi wa maiki" ndiye anayeuharibu ukumbi, hata kama fundi ni hodari.

Usiielekeze sawasawa katikati ya midomo. Iweke pembeni kidogo, karibu na kona ya mdomo au chini yake kidogo, kichwa cha maiki kikielekea mdomoni. Pumzi ya P na B itapita kando badala ya kupiga ndani na kutoa mshindo.

Ukigeuza kichwa kumtazama bibi harusi au ubao, maiki igeuke pamoja na kidevu. Njia rahisi ni kukiacha kiwiko kiguse ubavu na kugeuza mwili wote. Anayegeuza shingo peke yake hupoteza nusu ya sentensi kila anapotazama pembeni.

5. Niishike sehemu gani?

Katikati ya mpini. Usifunike kichwa chenye wavu kwa kiganja, hata kama umeona waimbaji wakifanya hivyo. Maiki ya kawaida ya mkononi imetengenezwa isikie zaidi mbele na isisikie vizuri nyuma yake, na uwezo huo unatokana na matundu yaliyo chini ya wavu. Ukiyaziba, maiki inaanza kusikia pande zote, spika zikiwemo, na hapo ndipo inapoanza kulia.

Kwa maiki isiyo na waya, usishike ncha ya chini pia. Mara nyingi antena iko huko, na kiganja chako kinatosha kufanya sauti ikatike-katike. Wengi hulaumu betri.

6. Maiki imeanza kulia mluzi katikati ya shughuli. Nifanye nini sekunde hiyo hiyo?

Isogeze karibu zaidi na mdomo, au igeuze ielekee mbali na spika. Usiishushe chini wala kuifunika. Mkono wa mtu ukishtuka huishusha kiunoni, na mara nyingi hapo chini kuna spika ndogo ya jukwaani inayokuelekea, kwa hiyo mluzi unazidi.

Mluzi ni mzunguko: sauti inatoka kwenye spika, inaingia kwenye maiki, inakuzwa, inatoka tena. Unakatwa kwa kufanya kimoja kati ya vitatu: ukae nyuma ya mstari wa spika usipite mbele yake, usogeze mdomo karibu na maiki ili fundi aweze kuipunguza, au fundi azime maiki zote ambazo hakuna anayezitumia. Hili la tatu husahaulika. Maiki nne zilizo wazi mezani zinaufanya mzunguko uanze mapema kuliko moja.

Ikiwa lazima ushuke kwenda katikati ya wageni, mwambie fundi kabla, na mpitie pamoja njia utakayopita. Kuna mahali chini ya kila spika ambapo maiki italia hata ufanyeje. Mjue mahali hapo, upite ukiwa kimya.

7. Hakuna fundi, ni mimi na sanduku la vitufe. Niguse nini?

Vitu vitatu tu, kwa mpangilio huu.

Kwanza, zima mwangwi wa bandia. Mitambo mingi ya kukodi hubaki na kitufe cha `FX`, `ECHO` au `REVERB` kikiwa wazi kwa sababu ya waliokuwa wakiimba. Ukumbi unaovuma tayari hauhitaji mwangwi mwingine. Shusha hadi sifuri kwenye njia ya maiki yako.

Pili, punguza uzito. Ikiwa kuna kitufe kilichoandikwa `LOW CUT`, `HPF` au alama ya `80 Hz` au `100 Hz`, kibonyeze. Kisha shusha `LOW` hadi sauti yako ianze kuonekana nyembamba kidogo ukiwa karibu na spika. Kule nyuma haitakuwa nyembamba, kwa sababu ukumbi wenyewe unaongeza uzito.

Tatu, panga ukubwa kwa kuongea vile utakavyoongea kweli, maiki ikiwa vidole viwili. Usipime kwa kunong'ona "haloo, moja mbili". `HIGH` iache katikati. Ukiipandisha sana S na SH zitachoma, na mluzi utakuja haraka.

8. Na maiki ya mimbari, au ile ya kubana kwenye kola?

Ya mimbari inakufunga mahali pamoja, na hilo ndilo shida na faida yake. Ishushe au iinue mpaka ielekee kidevu chako, uiweke kama upana wa kiganja, uongee juu yake bila kuyumba. Mhadhiri anayetembea hadi ubaoni anapaswa kuidai maiki nyingine.

Ya kola iko sentimita 15 hadi 20 kutoka mdomoni, kwa hiyo maelezo ya swali la 4 yanaiangukia moja kwa moja: katika ukumbi unaovuma ndiyo huanza kulia mapema. Ukiambiwa uchague kati yake na ile inayovaliwa kichwani na kukaa shavuni, chukua ya kichwani. Ukiwa na ya kola tu, ibane katikati ya kifua kama shubiri moja chini ya kidevu, mbali na mtandio, tai na mkufu.

## Sauti yako

9. Nina sauti nzito na watu huisifia. Kwa nini ukumbini haieleweki?

Kwa sababu uzito ndio unaovuma. Nguvu ya sauti ya mtu iko kwenye irabu, chini, lakini kinachotenganisha neno na neno ni konsonanti, na nyingi kati yake zinategemea masafa ya juu, yaani sehemu nyembamba ya sauti, kati ya hezi 2,000 na 4,000 hivi. Hizo ni dhaifu na hufa haraka. Irabu nzito ya silabi iliyopita inabaki hewani na kuifunika konsonanti ya silabi inayofuata.

Kiswahili kinalihisi hili zaidi kwa sababu karibu kila silabi yetu huishia kwa irabu. Hakuna konsonanti inayokaa mwisho wa neno peke yake ikingojewa. Zote zimebanwa kati ya irabu mbili. Ndiyo maana "iliyotawala" na "iliyotawaliwa" vinafanana kabisa safu ya kumi na tano.

Maiki nayo inaongeza. Maiki za kawaida za mkononi hukuza uzito kadiri mdomo unavyokaribia. Ukishasogea vidole viwili, na wakati huo huo ukajaribu kuteremsha sauti iwe kama ya redioni, umeongeza uzito mara mbili kwenye ukumbi unaoupenda uzito. Ongea kwa kidatu chako cha kati, yaani kimo cha sauti unachotumia kumweleza rafiki jambo ng'ambo ya meza, na umwombe fundi apunguze besi (swali la 7). Midomo na ulimi vifanye kazi zaidi kuliko koo.

10. Basi nipaze sauti nyembamba?

Hapana. Kidatu cha juu kisicho chako hukauka haraka, na baada ya saa moja utakuwa umepoteza vyote. Wenye sauti nyembamba kwa asili wana nafuu kidogo mbele ya mvumo, lakini hatari yao ni mluzi na ukali. Wao wakae vidole vitatu, wasipige kelele.

Na kupiga kelele hakumsaidii yeyote. Mwaka 1911 daktari Mfaransa Étienne Lombard alieleza kwamba mtu aliyezungukwa na kelele hupandisha sauti yake bila kujijua. Ndicho kinachokutokea wageni wanapoanza kuzungumza wao kwa wao: unapanda, kidatu kinapanda nacho, na kinachokua hasa ni irabu. Konsonanti haziwezi kupigiwa kelele; T ni T tu. Kwa hiyo unayepayuka unaeleweka kidogo kuliko ulivyokuwa. Ukijihisi unapanda, nyamaza sekunde tatu. Ukimya wa ghafla kwenye spika huwafanya watu wageuke wenyewe.

11. Naambiwa mwisho wa sentensi zangu haufiki. Tatizo ni nini?

Pumzi inaisha na sauti inazama, ni kawaida ya mazungumzo. Mezani haina madhara. Ukumbini, silabi mbili za mwisho zinakwenda chini ya mvumo wa zilizotangulia, na mara nyingi habari yenyewe ndiyo ilikuwa huko: "mtihani utafanyika... Ijumaa", "zawadi zipelekwe... nyuma".

Panga sentensi fupi kuliko pumzi yako, na uipe silabi ya mwisho nguvu ile ile ya silabi inayobeba mkazo, ile ya pili kutoka mwisho. Utahisi unazidisha. Rekodi kwa simu ukiwa safu ya mwisho, usikilize; haitasikika kama imezidi.

Jambo jingine la kiimbo: swali letu la "ndiyo au hapana" mara nyingi halina alama nyingine ila kupanda kwa sauti. "Wamefika?" na "Wamefika." ni neno moja. Katika mvumo kupanda huko kunapotea, na mtu anasikia taarifa. Anza na "je": "Je, wamefika?"

## Kasi na vituo

12. Niongee polepole kiasi gani?

Usivute maneno. Mhadhiri anayeburuza kila silabi anarefusha irabu, na irabu ndizo zinazovuma. Tamka kifungu chako kwa kasi karibu na ya kawaida, kisha simama. Kinachosafisha ukumbi ni kituo.

Kituo cha muda gani? Rudi kwenye ukumbi wetu wa mfano. "Sauti kufa" katika vipimo ni kushuka desibeli 60, desibeli ikiwa kipimo cha ukubwa wa sauti. Mvumo wa sekunde 2.5 unashuka desibeli 24 kila sekunde. Ili kifungu kinachofuata kisimame wazi juu ya mabaki ya kilichopita, desibeli 15 hivi zinatosha, na hizo zinapatikana kwa kama sekunde 0.6. Ukumbi ukijaa, mvumo ukashuka hadi sekunde 1.9, kituo cha nusu sekunde kinatosha. Huhitaji saa: ni muda wa kufunga mdomo na kuvuta pumzi fupi kwa pua.

Sasa tangazo lenyewe. Mshereheshaji husema: "Sasa basi mabibi na mabwana tunawaomba wazazi wa bwana harusi pamoja na wazazi wa bibi harusi waje mbele hapa kwa ajili ya kupiga picha na wengine wote tunawaomba msisimame kwanza mbaki kwenye viti." Ni pumzi moja, silabi karibu 80 bila mwanya. Nyuma wanapata "wazazi" na "simame". Wanasimama.

Likipangwa kwa ukumbi linakuwa hivi, kila mkwaju ukiwa kituo:

"Tunapiga picha. / Wazazi wa bwana harusi, / njooni mbele. / Wazazi wa bibi harusi, / njooni mbele. / Wengine wote, / bakini kwenye viti."

Ni maneno machache, vifungu saba, na muda ni karibu ule ule. "Tunapiga picha" limekuja kwanza ili masikio yajue yanatarajia nini. "Njooni mbele" limerudiwa kwa makusudi, kwa sababu aliyelikosa mara ya kwanza atalipata. "Msisimame" limeondoka; sababu iko kwenye swali la 14.

13. Nasikia sauti yangu mwenyewe ikirudi kutoka nyuma na ulimi unagongana. Nina tatizo?

Huna. Ni jambo linalowapata watu wengi, na mtafiti Bernard Lee alilielezea mwaka 1950: mtu akisikia sauti yake ikiwa imechelewa kidogo, anaanza kusitasita, kurudia silabi na kurefusha maneno. Kuchelewa kunakovuruga zaidi ni kama sekunde 0.2.

Sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde. Katika ukumbi wa mita 34, kwenda hadi ukuta wa nyuma na kurudi ni mita 68, yaani karibu sekunde 0.2 kamili. Ukumbi wetu wa mfano una urefu mbaya kuliko wote kwa anayesimama mbele.

Ukiwa na spika ndogo ya jukwaani, omba iwekwe karibu na miguu yako na isikike kidogo tu, ili sauti ya kwanza unayoisikia iwe ya sasa, si ya zamani. Usipokuwa nayo, mtazame mtu wa safu ya pili au ya tatu na umweleze yeye. Macho yakienda ukutani, masikio yanayafuata. Na vifungu vifupi vinasaidia hapa pia, kwa sababu mwangwi unarudi wakati umenyamaza. Usijaribu kuusubiri kila mara wala kushindana nao.

14. Majina, namba na amri hukosewa kila mara. Kuna namna ya kuyasema?

Amri zote zigeuze ziwe za kutenda. "Msitoke" na "mtoke" vimetenganishwa na silabi moja dhaifu katikati ya neno. Ikimezwa, umeamuru kinyume. Sema "bakini ndani". Badala ya "msizime simu" sema "simu ziwe wazi". Hili ni la lazima zaidi ikiwa kuna dharura.

Namba itaje, simama, itaje tena peke yake: "Mtihani ni saa saba. Saba." Usitaje ile isiyo sahihi hata kwa kukanusha, "saa saba, si saa sita kama mlivyoambiwa" inawaachia nusu ya ukumbi "sita". Tatu na tano hugombana kwenye mvumo, kwa hiyo kwa namba hizo inua na vidole.

Jina la mtu lipe kituo kabla na baada, na utangulize kinachomtambulisha: "Mjomba wa bibi harusi, / Bwana fulani." Kwa mhadhiri, maneno ya kutenda na kutendwa yape sentensi yenye mtendaji wazi: badala ya "inavutwa", sema "sumaku inaivuta".

## Hali zisizo za kawaida

15. Waliokaa katikati wanasema wanasikia watu wawili wanaongea.

Kuna spika mbele na nyingine katikati au nyuma, zote zikipiga pamoja. Aliye karibu na spika ya nyuma anaisikia hiyo kwanza, kisha ya mbele inafika. Zikiwa zimetengana mita 20, kuchelewa ni kama sekunde 0.06, na kupita sekunde 0.05 sikio huanza kuzihesabu kama sauti mbili. Fundi mwenye mtambo unaoweza kuchelewesha spika za nyuma ataweka kiasi hicho. Asipoweza, azishushe sana au azizime, na wa nyuma wasogezwe mbele.

16. Makofi, vigelegele au muziki vinaendelea. Niongee juu yake?

Usiongee. Ngoja vishuke hadi karibu nusu, kisha anza na neno lisilo na habari ("Naam", "Haya"), halafu kifungu chenyewe. Muziki wa chinichini wakati wa tangazo uzimwe kabisa, hasa wenye besi, kwa sababu unavuma pale pale irabu zako zinapovuma.

17. Mvua imeanza kunyesha juu ya mabati.

Kelele ya mvua inafunika masafa yote, konsonanti zikiwa za kwanza kupotea. Hapa, tofauti na swali la 1, fundi anaweza kupandisha kidogo. Ikizidi, mhadhiri aandike ubaoni au awape watu kazi ya kusoma mpaka ipungue. Mshereheshaji aweke muziki. Usitangaze jambo la maana mvua ikiwa juu, hata ukihisi unasikika.

18. Msikilizaji ameuliza swali bila maiki.

Lirudie kwenye maiki kwa maneno yako, kifungu kimoja, kabla ya kujibu. Wa mbele walilisikia, wa nyuma wamesikia mvumo tu, na jibu lisilo na swali halina maana kwao. Ukimpelekea maiki, mshikie wewe kwa umbali wa swali la 4. Wengi wakiachiwa huishika kifuani.

19. Umeme umekatika, maiki imekufa, na watu 300 wananitazama.

Bila mtambo, katika ukumbi wetu wa mfano sauti yako ya moja kwa moja inaushinda mvumo hadi kama mita 4 tu. Kupita hapo, kelele hazitafika popote. Kwa hiyo usihutubie kutoka jukwaani. Shuka, simama katikati ya ukumbi mgongo ukielekea ukuta wa karibu, na useme jambo moja tu kwa vifungu vya maneno matatu au manne, ukigeukia kila upande na kulirudia. Wateue watu wanne walio pembe nne walirudie kwa walio karibu nao. Mhadhara wenyewe usimame hadi mtambo urudi, au watu wakusanyike mbele yako wakiwa wamebanana.